Klave: Mapigo Matano Yanayoipanga Salsa

Hesabu polepole kwa sauti, moja hadi nane, na kati ya kila namba na inayofuata utie neno "na". Kisha piga makofi kwenye maneno haya niliyoyaandika kwa herufi kubwa, bila kuongeza wala kupunguza: MOJA na mbili NA tatu na NNE na, tano na SITA na SABA na nane na. Rudia mara kumi bila kusimama, huku mguu wako ukigonga sakafu kwa kila namba. Makofi hayo matano ndiyo klave, na muziki wote tunaouita salsa umepangwa kuyazunguka, hata pale ambapo hakuna mtu anayeyapiga.

Neno lenyewe ni la Kihispania, na lina maana ya ufunguo wa fumbo, na pia jiwe la katikati ya tao, lile ambalo likiondolewa mawe mengine yote huporomoka. Jina hilohilo vimepewa vijiti viwili vya mti mgumu vinavyotoa sauti hiyo. Kijiti kimoja, kinachoitwa jike, hulazwa juu ya ncha za vidole, kiganja kikiwa kimekunjwa kama kikombe ili sauti ipate pa kuvumia, na kijiti dume hukigonga katikati. Mtaalamu wa utamaduni wa Kuba Fernando Ortiz, aliyeandika kuhusu vijiti hivi mwaka 1935, alivihusisha na bandari ya Havana, ambako vigingi vya mti mgumu vilitumika katika kuunda meli na vikawa mikononi mwa wafanyakazi wenye asili ya Kiafrika. Mapigo yenyewe ni ya kale kuliko vijiti, kwa kuwa mifumo ya kengele yenye mapigo matano ya namna hii ipo katika ngoma nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, na watu waliopelekwa Kuba utumwani walikwenda nayo vichwani.

Ukirudi kwenye makofi yako, utagundua kwamba mapigo hayo hayakugawanywa sawasawa. Namba moja hadi nne zina mapigo matatu, na namba tano hadi nane zina mawili. Wanamuziki huiita nusu ya kwanza upande wa tatu, na ya pili upande wa mbili. Kila nusu ni kipimo kimoja cha namba nne, na pande hizo mbili hazifanani kwa tabia. Katika upande wa tatu pigo la kwanza linakaa juu ya namba, la pili linaangukia kwenye "na" ya mbili, mahali ambapo mguu uko hewani, na la tatu linarudi kwenye nne, mwishoni kabisa mwa kipimo, kama mtu aliyesimama ukingoni akikaribia kuanguka. Upande wa mbili haufanyi hivyo. Unaiacha tano ipite kimya, halafu unapiga sita na saba, mapigo mawili yaliyonyooka, yote juu ya namba, na mwili unatulia. Upande mmoja unavuta, mwingine unalegeza, na wimbo wa salsa unapumua kwa mvuto na ulegevu huo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wimbo unaweza kuanza upande wowote kati ya hizo mbili. Ukianza kwenye upande wa tatu, wanamuziki husema uko katika tatu-mbili. Ukianza kwenye upande wa mbili, uko katika mbili-tatu. Katika mbili-tatu hesabu yako itakuwa hivi: moja na MBILI na TATU na nne na, TANO na sita NA saba na NANE na. Mapigo ni yaleyale na mpangilio wake katika mzunguko ni uleule. Kilichobadilika ni mahali ambapo wimbo umeingilia. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hudhani kwamba hizi ni klave mbili tofauti. Ni sawa na watu wawili wanaopanda daladala ya njia moja katika vituo tofauti: gari ni moja na njia ni moja, ila kila mmoja huanza safari yake akitazama mandhari tofauti.

Ipo klave nyingine ambayo kweli ni tofauti, nayo ni ile ya rumba ya Kuba, hasa mtindo wa wawanko wa Havana na Matanzas. Hapo pigo la tatu la upande wa tatu linacheleweshwa kutoka kwenye nne hadi kwenye "na" inayoifuata. Badiliko ni la nusu ya namba tu, lakini ukingo ule unakuwa mkali zaidi. Salsa ya New York hutumia zaidi klave ya kwanza, ile ya soni, muziki uliotoka mashariki mwa Kuba na kuingia Havana mwanzoni mwa karne ya 20. Timba, mtindo wa Kuba uliovuma miaka ya 1990, huegemea sana klave ya rumba. Katika makala haya nitabaki na ya soni.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa mara nyingi hakuna mtu anayegonga vijiti, basi klave iko wapi? Katika rekodi nyingi za salsa hutavisikia vijiti, au utavisikia katika sehemu moja tu. Jibu ni kwamba kila chombo kimetengenezewa mchezo unaokubaliana na pande hizo mbili, na atakayejua mchezo wa kila chombo ataisikia klave kama mtu anavyoujua umbo la mtungi kwa kutazama maji yaliyogandia ndani yake.

Tuanze na gitaa la besi, kwa sababu ndilo linalowapoteza wageni wengi. Besi ya salsa haipigi moja. Inapiga "na" ya mbili, kisha inapiga nne, na noti ile ya nne inaachwa ivume hadi ivuke kwenye moja ya kipimo kinachofuata. Tena mara nyingi huwa tayari ni noti ya kodi, yaani kundi la noti zinazolia pamoja, inayokuja, si ya kodi inayoondoka. Kwa hiyo mahali ambapo msikilizaji wa muziki mwingine hutegemea kusikia kishindo, pale kwenye moja, anakuta shimo. Linganisha sasa na klave: "na" ya mbili na nne ndiyo mapigo ya pili na ya tatu ya upande wa tatu. Katika upande huo besi na klave vinapiga pamoja mara mbili. Katika upande wa mbili besi inarudia mchezo uleule, lakini klave iko kwenye sita na saba, na besi iko kwenye "na" ya sita na kwenye nane, kwa hiyo vinajibizana badala ya kukutana. Kwa kuwa besi inafanya jambo lilelile katika vipimo vyote, peke yake haiwezi kukuambia uko upande gani.

Piano ndiyo inayosema. Mchezo wa piano katika salsa ni mrudio wa vipimo viwili, na umbo lake la kawaida katika mbili-tatu ni hili: katika upande wa mbili vidole vinapiga MOJA, MBILI, kisha "na" ya mbili, "na" ya tatu na "na" ya nne, halafu katika upande wa tatu vinapiga "na" tupu, zote nne, bila kugusa namba hata moja. Sikiliza mara kadhaa ukiwa umeifunga akili yako kwenye piano peke yake. Utasikia kwamba kuna kipimo ambacho piano inakanyaga chini, inagusa ardhi mara mbili, na kuna kipimo kinachofuata ambacho inaelea juu bila kutua. Pale inapokanyaga ni upande wa mbili. Pale inapoelea ni upande wa tatu. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko nyingine zote, na mtu asiyejua kupiga chombo chochote anaweza kuitumia.

Tumba, ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja, kwa upande wake, katika mchezo wake wa msingi hutoa kofi kali kwenye mbili ya kila kipimo na sauti mbili wazi kwenye nne na "na" yake. Kama besi, mchezo huo wa msingi hauegemei upande. Lakini ule ukali wa kwenye mbili uweke kumbukumbuni, kwa maana wachezaji wa dansi watauhitaji.

Sasa nieleze kinachotokea mambo yanapokwenda mrama, kwa sababu klave hujulikana zaidi inapovunjwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipiga kinanda katika bendi ndogo jijini Dar es Salaam, na tulikuwa na wimbo wa mbili-tatu. Utangulizi wa tarumbeta ulikuwa wa vipimo vinane. Hesabu ni rahisi: kipimo cha kwanza ni upande wa mbili, cha pili upande wa tatu, na kuendelea, kwa hiyo vipimo visivyo shufwa vyote ni upande wa mbili, na mwimbaji anayeingia katika kipimo cha tisa anaingia mahali pake. Siku moja ya mazoezi mwimbaji wetu aliingia katika kipimo cha nane. Mimi, kwa kumheshimu mwenye sauti, nilimfuata na kuuanza mrudio wangu upya. Vijana wa timbali, zile ngoma mbili za chuma zinazopigwa kwa fimbo, na wa vijiti hawakumfuata. Waliendelea na mzunguko wao kama ulivyokuwa.

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu kwa mtu asiyekijua. Hakuna aliyekuwa amechelewa. Moja yangu ilikuwa moja yao, kasi ilikuwa ileile, kodi zilikuwa sahihi. Hata hivyo muziki uligeuka kama watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ufasaha na hakuna anayesikika. Kile kipimo nilichokuwa nikikanyaga chini ndicho ambacho vijiti vilikuwa vikivuta. Nilipoelea mimi, wao walitulia. Mzee wetu wa tumba alinyanyua mikono na kusema, "Mwanangu, umevuka klave." Ndivyo wanamuziki wanaozungumza Kihispania nao wanavyosema: klave iliyovuka. Dalili yake ni hiyohiyo kila mara. Hesabu inakubali, masikio yanakataa, na miguu ya wanaocheza inapungua nguvu bila wao kujua sababu.

Dawa yake mazoezini ni moja: tunamrudisha mwimbaji kwenye kipimo cha tisa, basi. Jukwaani hakuna nafasi hiyo, na bendi zenye uzoefu hufanya kinyume: wapigaji wote wa midundo huruka kipimo kimoja kwa pamoja ili waangukie upande wa mwimbaji, na wakifanya hivyo kwa haraka wasikilizaji wengi hawatambui. Ni msaada wa dharura. Kanuni iliyokomaa New York, katika bendi kama ile ya Machito iliyoongozwa kimuziki na Mario Bauzá tangu miaka ya 1940, ni kwamba klave ikishaanza haigeuzwi. Wimbo ndio unaojipanga juu yake.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza fumbo moja linalowasumbua wanafunzi. Utasikia wimbo ulioanza tatu-mbili, na baadaye kiitikio kiko mbili-tatu, ilhali mpiga vijiti hakusita hata mara moja. Imewezekanaje? Chukua mfano wa wimbo wenye ubeti wa vipimo kumi na sita katika tatu-mbili. Hapa vipimo visivyo shufwa ni upande wa tatu. Kipimo cha kumi na saba ni upande wa tatu, na hapo tarumbeta zinaingia na kiunganishi cha vipimo saba, yaani kuanzia cha kumi na saba hadi cha ishirini na tatu. Kiitikio kinaanza katika kipimo cha ishirini na nne, ambacho ni shufwa, kwa hiyo ni upande wa mbili. Vijiti havikubadilisha chochote. Mtunzi alitumia fungu la vipimo witiri ili sentensi inayofuata ya wimbo ianzie upande mwingine. Kosa la mwimbaji wetu na ufundi wa mtunzi huyu ni jambo lilelile, kipimo kimoja pungufu. Tofauti ni kwamba mtunzi alikuwa ameandika kiitikio ambacho maneno yake yanatulia upande wa mbili, na piano ikajua kabla.

Nije kwa wachezaji wa dansi, ambao husikia mambo mengi kuhusu klave, mengine yasiyo sahihi. Hatua ya msingi ya salsa ni miguu sita katika hesabu ya nane: moja, mbili, tatu, kisha kutulia, tano, sita, saba, kisha kutulia. Anayecheza "kwenye moja" hubadilisha mwelekeo wa mwili kwenye moja na kwenye tano. Anayecheza "kwenye mbili" kwa mtindo wa New York uliosambazwa na mwalimu Eddie Torres hukanyaga kwa wakati uleule, lakini hubadilisha mwelekeo kwenye mbili na kwenye sita. Wachezaji wa kwenye mbili husikika wakisema kwamba wao wanacheza klave na wale wengine hawachezi.

Tuhesabu kwa utulivu. Katika tatu-mbili klave iko kwenye moja, "na" ya mbili, nne, sita na saba. Miguu inakutana nayo kwenye moja, sita na saba, mara tatu kati ya tano. Katika mbili-tatu iko kwenye mbili, tatu, tano, "na" ya sita na nane; miguu inakutana nayo kwenye mbili, tatu na tano, mara tatu tena. Kwa kuwa mitindo yote miwili inakanyaga kwa wakati mmoja, hesabu hiyo ni sawa kwa wote. Hata badiliko la mwelekeo linakutana na klave mara moja tu katika kila mzunguko kwa kila mtindo: wa kwenye moja hukutana na pigo la kwanza la upande wa tatu, wa kwenye mbili hukutana na pigo la kwanza la upande wa mbili. Mmoja hugeuka pale mvuto unapoanza, mwingine hugeuka pale ulegevu unapoanza. Ladha ni tofauti kabisa, na nadhani hiyo ndiyo tofauti ambayo watu wanaihisi na kushindwa kuitaja.

Anachokipata kweli mchezaji wa kwenye mbili katika kila kipimo, bila kukosa, ni lile kofi kali la tumba. Anageuza mwili juu ya kofi hilo, na ndiyo maana wachezaji hao husema wanasikia ngoma ikiwasukuma. Wazee wa soni nchini Kuba wana njia nyingine tena: hukanyaga mbili, tatu, nne, kisha sita, saba, nane, na kuziacha moja na tano tupu. Hawa wanakanyaga pamoja na besi pale kwenye nne na nane, na shimo lile la besi kwenye moja linakuwa pumziko la miguu yao.

Mpenzi wa rumba ya Kongo au wa muziki wa dansi wa Tanzania hahitaji kuanza mwanzo kabisa. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye alama ya herufi GV ziliuzwa Afrika, na mapigo haya matano yakarudi katika miji ya Leopoldville na Brazzaville, kisha Morogoro, ambako bendi ya Salum Abdallah ilijiita kabisa Cuban Marimba. Masikio yaliyokulia humo yanaijua klave. Ambacho hayakuzoea ni ile kanuni kali ya pande mbili, kwa sababu gitaa la rumba ya Kongo halikufungwa nayo kama piano ya New York ilivyofungwa. Ndiyo maana mpiga gitaa hodari kutoka kwetu anaweza kukaa katika bendi ya salsa, akapiga kwa ustadi wote, na bado mpiga timbali akakunja uso.

Njia ya kujipima ni kuchagua wimbo wa salsa, kupiga makofi ya tatu-mbili kwa muda wa ubeti mzima, kisha kurudi mwanzo na kupiga mbili-tatu juu ya ubeti uleule. Mojawapo itakaa kama kifuniko juu ya sufuria yake. Nyingine itasuguana na sauti ya mwimbaji, hasa pale maneno yake yanapoangukia kati ya namba ilhali makofi yako yametulia. Zipo nyimbo ambazo sauti yake haiegemei upande wowote, na hapo utaiuliza piano.

Kisha subiri mahali ambapo bendi yote inakata kwa ghafla na kunyamaza vipimo viwili. Hakuna piano, hakuna tumba, ukumbi uko kimya. Watazame wachezaji waliobobea wakati huo: mabega yao yanaendelea, na kidole cha mmoja wao kinagonga mgongoni mwa mwenzake, tatu, kisha mbili, hadi tarumbeta zinaporudi na kuwakuta miguu imekwisha kutua.